Likizo Haikungoja Jua

Mvua iliendelea kunyesha katika mwezi ambao haikualikwa. Tangu asubuhi ilikuwa inapiga bati la ofisi ya maji, na ndani kila mtu alikuwa na furaha yake. Meneja alifurahi kwa kuwa bwawa limejaa na simu za lawama zitapungua. Wasoma mita walifurahi kwa kuwa hakuna bosi mwenye roho ngumu kiasi cha kumtuma mtu asome mita ndani ya matope. Dirishani tu, pale wateja wanapoinamia kioo kuuliza kwa nini bili imepanda, alikaa karani mmoja aliyeitazama mvua ile kama unavyomtazama mgeni aliyekula, akashiba, na bado hasemi anaondoka lini.

Wenzake walimwita Mama Misimu. Hilo halikuwa jina la mtoto wake, lilikuwa dhihaka, na lilimkaa kwa sababu kila msimu wa watu kununua kitu ulipokaribia, yeye alikuwa na mpango. Shule zilipokuwa zinafunguliwa aliwahi kuleta madaftari ofisini, mafurushi kwa mafurushi, akayapanga chini ya meza yake mpaka miguu ikakosa pa kukaa. Tatizo ni kwamba aliyanunua wiki ileile ambayo mji mzima ulikuwa unanunua, bei ikiwa juu, halafu shule nazo zikataka madaftari makubwa wakati ya kwake yalikuwa madogo. Mdogo wake aliyemsaidia kuuza mtaani aliwakopesha wote waliomchekea, na mdogo wake huyo alikuwa anachekewa na watu wengi sana. Mpaka leo ukitaka karatasi ya kufungia kitu pale ofisini, unajua pa kuipata.

Ukaja mpango wa kuku wa sikukuu. Kila mtu anajua kwamba sikukuu ikifika kuku hupanda bei, na kila mtu anajua kwamba kuku wa nyama huhitaji majuma yao ya kula kabla hawajafaa kuuzwa. Mama Misimu alijua pia, ila vifaranga vinanunuliwa kwa fedha, na fedha yake ilikuwa inasubiri mshahara. Akaviingiza bandani vikiwa vimechelewa. Siku ya sikukuu yenyewe kuku wake walikuwa bado wadogo, hata ukiwatazama kwa huruma. Walipokuja kunenepa, watu walikuwa wameshiba, wamefilisika, na hawataki tena kusikia habari za nyama. Kuku wakawa wanakula pumba bila kazi kama wastaafu, na kila siku waliyoishi ilikuwa hasara mpya.

Kutokana na mambo hayo mawili Mama Misimu alipata somo, na alilishika sawasawa: lazima uwahi. Mtu mwenye ajira hana nafasi ya kukimbizana na msimu ukishaanza. Jua likichomoza yuko dirishani, likizama amechoka. Basi awe amejipanga kabla, msimu ukija umkute amesimama mlangoni.

Kwa hiyo safari hii aliwahi. Aliwahi kuliko watu wote.

Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga, na tuseme ukweli, ulikuwa mpango mzuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Kijijini kwa mama yake, mwendo wa asubuhi kwa gari, kila nyumba inalima mahindi, na kila mwaka watu wanayapukuchua kwa kuyapiga fimbo ndani ya magunia mpaka mabega yanakufa ganzi. Mashine ya kupukuchua ni kitu kinachofanya kazi majuma machache tu kwa mwaka, lakini majuma hayo haipumziki. Inavutwa shamba kwa shamba, mwenye mahindi analipa kwa gunia, na mashine inayofika ya kwanza ndiyo inayoteka kijiji kizima, maana watu wakiona kwa jirani kazi imeisha kabla ya chakula cha mchana, hakuna anayetaka fimbo tena. Alichohitaji ni mashine na majuma hayo machache. Majuma alikuwa nayo, ndiyo likizo yake. Mashine aliipata kwa mama yake.

Mama yake aliuza ng'ombe. Alikuwa nao wawili, wote wa maziwa, na aliwauza wote bila kuulizwa mara ya pili. Mama Misimu alikuwa amekwenda kuomba mmoja tu, kwa haya, akiwa na maelezo marefu aliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Mama alimsikiliza huku anasafisha ndoo ya maziwa, akasema mashine ya ng'ombe mmoja itakuwa mbovu. Baba alikuwa ameshafariki, shamba lilikuwa dogo, na baada ya ng'ombe kuondoka kilichobaki kwa mama kilikuwa mahindi yaliyosimama shambani. Hayo ndiyo yalikuwa chakula chake cha mwaka mzima, na ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Sasa mvua ilikuwa inanyesha, na likizo inaanza Jumatatu.

Likizo pale ofisini haichaguliwi mtu anapoitaka. Mwanzoni mwa mwaka meneja hubandika karatasi ukutani, kila mtu anajaza majuma yake, na ikishapigwa muhuri imepigwa. Mama Misimu alikuwa wa kwanza kujaza. Aliuliza kijijini mwaka jana walivuna lini, akaambiwa, akaandika majuma yaleyale kwa herufi kubwa. Hakufikiria kwamba mahindi hayasomi karatasi ya ukutani. Mwaka jana mvua ilikatika mapema, mahindi yakakaukia kwenye mabua, watu wakavuna. Mwaka huu mvua iliamua kukaa.

Alikwenda kwa meneja kuomba asogezewe. Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu mtu mbaya unaweza angalau kumlaani. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba karani mwenzake wa dirishani anakwenda kujifungua mara tu yeye atakaporudi. Wote wawili wakikosekana, dirisha litafungwa. Akauliza kwa nini asimwachie mtu mwingine mashine hiyo, yeye likizo aichukue apumzike, kisha arudi kazini kama kawaida. Mama Misimu alisema atafikiria, akatoka. Hakufikiria hata kidogo.

Mtu huyo mwingine alikuwepo, naye ni yule mdogo wake wa madaftari. Walimwita Spana kwa sababu hakuna injini iliyowahi kumshinda, na kwa sababu hakuwahi kuacha kubeba spana mfukoni, hata msibani. Mashine ya kupukuchua aliifungua na kuifunga siku ileile iliyofika, akaijua kama anavyojua nyumba ya mama yake. Alikuwa amemwambia dada yake waziwazi: wewe kaa kazini, mimi nitaizungusha mashine, jua likitoka kesho sawa, likitoka mwezi ujao sawa, kila jioni nakupigia nakwambia magunia mangapi. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza madaftari yalikwenda wapi. Mama Misimu alikuwa na msemo wake kwamba biashara ya kuendeshwa kwa simu hula mtaji na salio kwa pamoja, na kwa kawaida hayuko mbali na ukweli. Ila msemo mzuri nao huweza kumponza mtu.

Jumatatu alifunga mzigo akaenda.

Kijiji kizima kilikuwa kimelowa. Mahindi yalisimama shambani, majani yamekauka nusu, na ukimenya gunzi moja unakuta punje zina rangi nzuri, zimejaa, lakini ukizibonyeza kwa ukucha zinakubali. Punje iliyokauka haikubali ukucha. Asubuhi ilinyesha manyunyu, mchana jua likachungulia kidogo, jioni likaja wingu. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Mashine ilikaa uani chini ya turubai. Mama Misimu alikuwa anatoka nje kila mara kutazama juu, mpaka mama yake akamwambia atapata maumivu ya shingo.

Alizunguka kwa majirani. Alikaribishwa vizuri kila mahali, akapewa chai, akaulizwa habari za mjini, na alipofikia kwenye jambo lenyewe kila mtu alimjibu kwa upole kwamba mashine ni nzuri sana, wanaihitaji sana, ila bado. Yakikauka tutakuita. Jirani wa chini, mzee mmoja mwenye shamba kubwa kuliko wote, alimwambia hata amwandike wa kwanza. Mama Misimu aliuliza ni lini hasa. Mzee akacheka, akasema hilo amuulize mwenye mvua.

Halafu ikaja habari ya mashine nyekundu. Ilionekana kijiji cha pili, imeegeshwa nje ya mgahawa, kubwa, ya tajiri mmoja wa mjini. Spana alikwenda kuichungulia akarudi ameshika mdomo. Dada yake alimuuliza mwenye mashine anafanya nini pale.

"Anakunywa chai, Dada."

"Chai tu?"

"Anakunywa chai, anacheza bao. Anasema jua litakuja tu. Hana haraka."

Kwa nini awe na haraka? Hakuna dirisha lililokuwa linamngoja, hakuna muhuri, hakuna mwenzake anayekwenda kujifungua. Angeweza kukaa pale akinywa chai mpaka majani ya chai yaishe, na jua likitoka atakuwa yuko pale. Mama Misimu aliona jambo hilo lote kwa mara moja. Yeye siku zake zilikuwa zinakwisha ziwe za jua au za mvua. Atarudi kukaa nyuma ya kioo, na siku hiyohiyo anga litafunguka, na mashine nyekundu itapita shamba kwa shamba huku ya kwake imefunikwa turubai uani kwa mama asiye na ng'ombe.

Nusu ya pili ya likizo ilipoingia, jua likatoka siku mbili mfululizo. Halikuwa jua la kujivunia, lakini lilikuwa jua. Mama Misimu alichuma magunzi machache, akapukuchua kwa mkono, akatafuta chupa ya kioo. Alikuwa amefundishwa kipimo hiki na aliyemuuzia mashine: unatia punje kwenye chupa kavu, unatia na chumvi kavu, unafunga, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana maji. Ikibaki chini bila kushika, yamekauka, pukuchua.

Alitikisa, akaiweka dirishani, akaenda kuosha vyombo ili asiitazame. Aliporudi chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote.

Aliishika chupa ile kwa muda mrefu. Kisha akawaza kwamba chumvi yenyewe ilikuwa jikoni, jikoni kuna mvuke, mvua imenyesha majuma yote hayo, hata sukari ya mama imeshikana. Inawezekana chumvi ndiyo yenye maji, siyo mahindi. Na kweli, chumvi yenye maji huharibu kipimo, hilo pia aliambiwa. Aliambiwa vilevile kwamba dawa yake ni kuikausha chumvi motoni kisha urudie, na moto ulikuwa unawaka palepale mbele yake. Hakurudia. Alimwaga chupa nje, akaisuuza.

Spana alikuwa amesimama mlangoni.

"Bado, Dada," alisema. "Mashine itayaponda. Punje laini haitoki kwenye gunzi, inapasuka. Halafu ukiyafunga ndani ya gunia na maji yake, unajua mwenyewe."

Alijua. Mahindi mabichi yakiachwa kwenye maganda yake, juu ya bua au darini, yanapumua, yanangoja. Ukiyapukuchua na kuyajaza gunia yanajichemsha yenyewe. Alimjibu mdogo wake kwamba yatamwagwa kwenye turubai yaanikwe kwanza, jua si hilo limetoka. Spana akatazama juu.

Alichohitaji sasa kilikuwa shamba moja tu. Watu wakiiona inafanya kazi, wakiona magunia yanasimama, watataka na wao, na akimaliza hata nusu ya kijiji kabla ya Jumatatu atakuwa ameokoka. Jirani atakayekubali hakuwepo. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hangemkatalia.

Alimkuta mama yake kibarazani anachambua maharage. Alikaa chini karibu naye, akamwambia wanataka kuanza kwake kesho, ili watu waone. Aliongea haraka, akaeleza kuhusu turubai, kuhusu jua, kuhusu kuanika. Chupa hakuitaja. Mama aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo wote. Halafu akaomba aletewe gunzi.

Mama huyu alikuwa amelima mahindi tangu kabla Mama Misimu hajazaliwa. Hakuhitaji chupa. Alitoa punje moja katikati ya gunzi, akaiweka kwenye magego, akauma, huku macho yako mbali. Punje iliyokauka ikiumwa hutoa mlio, tena mlio mkali, aliyekaa jirani anausikia. Wakulima husema limelia. Mama Misimu alikuwa amekaa karibu sana, bega kwa bega, na alikuwa amezuia pumzi asikilize.

Hakusikia kitu.

"Limelia," mama akasema.

Akatema ganda pembeni, akajifuta mdomo kwa kanga, akasema basi aitwe Spana na vijana wa kuvunja mahindi, kesho waanze mapema. Mama Misimu alimshukuru. Alisimama na furaha iliyomfanya miguu iwe myepesi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kidogo kigumu ambacho aliamua kutokigusa. Labda masikio yangu, alijiambia. Labda nilikuwa napumua.

Walianza asubuhi. Mahindi yalivunjwa, yakamenywa, yakarundikwa uani, na Spana akawasha injini. Majirani walikuja kama alivyotarajia, wakasimama kuzunguka ua, hata yule mzee wa shamba kubwa akaja na fimbo yake. Mashine ilinguruma vizuri. Magunzi yaliingia mdomoni, na upande wa pili mahindi yakaanza kumwagika. Kwa muda mfupi ilikuwa kama alivyoiota akiwa dirishani, na alijikuta anacheka peke yake.

Kisha Spana akapunguza moto wa injini. Magunzi yalikuwa yanatoka na punje zake nusu, yamevunjikavunjika vipande, na zile punje zilizotoka zilikuja na makapi yaliyolowana yakiganda kwenye chekeche. Alifungua, akasafisha, akawasha tena. Yule mzee wa shamba kubwa akainama, akachota kiganja cha mahindi turubaini, akayachezesha kwenye vidole. Robo yake ilikuwa imepasuka, unga mweupe unaonekana. Aliyarudisha taratibu, akapangusa mikono, akamwambia mama kazi njema, jirani. Akaondoka. Mmoja baada ya mwingine nao wakakumbuka shughuli zao nyumbani. Hakuna aliyesema neno baya. Kabla ya mchana ua ulibaki na wenyewe.

Mama Misimu hakusema wasimame. Hapo ndipo ningemshika mkono kama ningekuwepo, maana nusu ya mahindi ilikuwa bado kwenye magunzi, ingeweza kurudishwa darini na kuokoka. Lakini alikuwa amefika mahali ambapo mtu hawezi kuacha, kwa sababu kuacha ni kukubali. Alimwambia Spana amalizie. Spana alimtazama mama yao. Mama akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kukusanya magunzi yaliyosambaa.

Waliyaanika yote. Mchana jua liliwaka, wakayageuza kwa mikono na kwa reki, na alasiri wingu likaja mbio kutoka upande wa bwawa. Waliyafunga na turubai na kuyaburuta ndani, wakayamwaga sakafuni sebuleni na chumbani kwa mama. Mvua ilinyesha kesho yake, na kesho kutwa. Ndani hakuna jua, na watu wanahitaji pa kulala. Jumapili waliyatia kwenye magunia, yakapangwa kwenye ghala, na Mama Misimu akapanda gari kurudi mjini akiwa na vumbi la mahindi kwenye nywele.

Jumatatu alikaa nyuma ya kioo. Mwenzake akaenda kujifungua. Foleni ikawa yake peke yake, na jua likatoka.

Lilitoka kwelikweli, jua la mwezi mzima, jua la kukausha mpaka mawe. Wateja walikuja wanajipepea na bili zao. Mama Misimu aligonga mihuri, akasema "anayefuata", akagonga, akasema "anayefuata", na kila alipotazama ule mwanga mlangoni alihisi kama anapigwa. Juma la pili aliambiwa na Spana kwa simu kwamba mashine nyekundu imeingia kijijini. Imeanza kwa yule mzee. Imekwenda kwa jirani wa juu. Inafanya kazi mpaka jua linazama. Aliuliza kama kuna yeyote aliyeulizia mashine yao. Spana alisema walikuja wawili wakauliza, wakakumbuka walichokiona turubaini, wakasema watarudi. Kisha akasema kuna jambo lingine.

"Magunia ya Mama yana joto, Dada."

Jumamosi ofisi ilipofungwa mchana alikwenda moja kwa moja, hakupitia hata nyumbani kubadili nguo. Ghala lilikuwa na harufu aliyoitambua kabla hajafungua mlango. Alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Alipoutoa, punje zilikuwa zimemganda kwenye ngozi, nyingine zina ukungu wa kijani, nyingine nyeusi. Akafungua la pili, la tatu, akayafungua yote, akizidi kutumia nguvu, kama atakayekuta moja limenusurika. Spana alimwambia ameshayatazama yote. Hata kuku hawakupewa. Ukungu ule una sumu, mtu anakula leo anashiba, ini linaoza baadaye. Alikuwa amechimba shimo nyuma ya nyumba, alikuwa anangoja yeye afike ili ayaone kwanza.

Mama Misimu alikaa chini kwenye mlango wa ghala na viatu vyake vya ofisini, akalia. Hakulia vizuri. Alilia kwa sauti, na Spana ambaye hajui la kufanya mbele ya kitu kisicho na nati, alisimama pembeni anageuza spana mfukoni.

Alipoweza kusema aliuliza Mama yuko wapi.

Spana alionyesha kwa kidevu upande wa shamba la mzee.

Akiwa njiani Mama Misimu alisikia mlio wa mashine nyekundu kabla hajaiona. Ilikuwa imeshamaliza pale na kuhamia shamba linalofuata, na uwanja ilipokuwa umebaki na magunzi, makapi na vumbi. Kila mashine humwaga kidogo. Punje huruka pembeni, nyingine hubaki kwenye magunzi yaliyopita haraka. Mwenye mali akishabeba magunia yake, hayo ya chini hayatafuti. Katikati ya uwanja ule alikuwa ameinama mama yake, ungo uko mkono mmoja, anaokota.

Hakuwa anajificha. Alikuwa anaokota kwa utaratibu, mstari kwa mstari, kama anavyopalilia. Mzee mwenye shamba alipita na mkokoteni, akamwambia aokote tu, jirani, hata kule nyuma yako mengi. Mama akamjibu asante, baba. Mama Misimu hakuwahi kumsikia mama yake akimwita mzee yule baba. Walikuwa rika moja.

Alikwenda akapiga magoti mbele yake kwenye makapi.

"Mama. Ulisema limelia."

Mama hakuacha kuokota. "Nilisema."

"Halikulia."

"Halikulia," mama alikubali. "Na wewe ulikuwa umekaa hapahapa, ulisikia kama nilivyosikia mimi."

Mama alipepeta ungo, vumbi likaenda na upepo, zikabaki punje chache safi, ngumu, zinagongana.

"Uliponiangalia," mama alisema, "niliona nikikwambia bado, utatoka pale umekufa. Nikasema heri mahindi. Sasa naona nilikosea, mwanangu. Ningekwambia bado, ungelia siku moja, na tungekuwa na chakula."

Alisema bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa na hasira. Mama Misimu aliinama, akaanza kuokota naye. Kucha zake za ofisini zilishindwa mwanzoni, punje zikamponyoka, halafu zikazoea. Upande wa pili wa ua mashine nyekundu ilinguruma na watu wakacheka, kazi imewanogea. Alimwambia mama yake kwamba ataacha kazi, atakuja kukaa hapa, watalima pamoja, mashine atamwachia Spana, ataipaka rangi, mwaka ujao watu watasahau. Aliyasema yote kwa pumzi moja, jinsi alivyokuwa anaieleza mipango yake yote.

Mama alimwacha amalize. Kisha akauangalia mkono wake, wenye alama ya wino wa muhuri kwenye kidole, akaushika.

"Mashine mpe mdogo wako leo, usingoje mwaka ujao. Kazi usiache. Mshahara wako ndio nitakula mpaka mavuno mengine, hakuna kingine." Aliuachia mkono, akasogea mstari wa pili. "Nenda sasa, gari la mwisho lisikuache. Ukilala hapa utakula haya niliyookota."

Mama Misimu alisimama, akakung'uta magoti. Alimmiminia mama yake kwenye ungo zile punje zake, hazikujaza hata kiganja. Akaenda kupanda gari.